Mchanga Ulioachwa Wiki Mbili

Fundi wanayemwita Mama Sindano ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiudunga mchanga. Sindano yake ni fimbo ya chuma yenye ncha ya koni. Lori lake huisukuma ardhini sentimita mbili kwa sekunde, na skrini humwonyesha jinsi mchanga unavyoikatalia ncha hiyo. Mchanga ukiwa legevu, namba huwa ndogo. Ukishikamana, namba hupanda.

Mwaka huu alikuwa kwenye kiwanja cha matangi ya mafuta, na vipimo vyake vya mwanzo ndivyo vilivyokigawa kiwanja hicho. Upande wa maegesho, mchanga legevu uliishia mita sita na hapakuwa na jirani. Mhandisi akachagua nyundo: kreni inainua bonge la chuma la tani kumi na tano hadi mita ishirini, kisha inaliachia. Kishindo chake hukaza mchanga hadi mita nane hivi. Chini ya tangi kubwa ulegevu ulishuka mita kumi na nne, na nyuma ya ukuta kulikuwa na zahanati. Nguvu ya nyundo isingefika chini huko, ila kishindo chake kingefika zahanati. Kwa kuwa mchanga wa hapo ulikuwa safi, karibu hauna udongo laini ndani yake, likachaguliwa bomba la mtetemo. Hushushwa hadi chini kwa msaada wa maji, kisha hupandishwa kidogokidogo likitetema. Chembe zilijipanga upya, ardhi ikadidimia kama unga uliotikiswa kwenye debe, na vibarua wakajazia mchanga mwingine juu.

Msimamizi wa bomba alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Siku moja baada ya bomba kumaliza, alimkuta Mama Sindano akipima kwa kamba katikati ya alama tatu, mahali bomba liliposhushwa.

"Shemeji, mbona unatutafutia ubaya? Dunga hapa karibu na alama, ndipo tulipofanya kazi."

"Karibu na alama mchanga hukaza zaidi, hata ukipimwa kwa kisigino ungefaulu. Tangi litakalia hapa katikati pia."

"Kaka aliniambia mapema kwamba huna huruma."

"Kaka yako anakula chakula changu kila siku, hajalalamika."

Mkataba ulidai namba ya kwenye skrini isipungue kumi. Kabla ya kazi ilikuwa nne. Sasa, katika sehemu zote tisa alizodunga, ilisimama kwenye nane na kitu. Mhandisi, mtu wa maneno machache, aliutazama mchoro wa vipimo na kusema bomba litarudia upande wote wa tangi, alama mia nne na ishirini.

"Usirudie," Mama Sindano alisema. "Niachie wiki mbili. Usiuguse."

"Utafanya nini kwa wiki mbili?"

"Mimi? Hakuna. Mchanga ndio utakaofanya."

Aliwahi kuliona jambo hilo. Miaka ya nyuma mvua ilisimamisha kazi kwenye kiwanja kingine, naye akapima tena kwa kukosa cha kufanya. Namba zilikuwa zimepanda, na hakuna aliyeugusa mchanga. Wataalamu wana maelezo kadhaa ya kwa nini mchanga uliotikiswa huendelea kukaza, na hawajakubaliana.

Mhandisi alimpa wiki mbili kwa sharti moja: namba zisipopanda, bomba litarudia kila kitu, na mpimaji atatafutwa mwingine.

Nyumbani, mumewe alimkuta amezitandaza karatasi za vipimo mezani, hana pa kuweka sahani.

"Na kama kwenye kile kiwanja cha mvua ulikosea?" aliuliza.

"Basi mdogo wako atacheka, na mimi nitabaki nyumbani nikuchunge."

Siku ya kumi na tano lori lilirudi. Alidunga hatua moja pembeni ya matundu ya kwanza, bado katikati ya alama. Msimamizi na mhandisi walisimama nyuma ya kiti chake. Mita tatu: kumi na nusu. Mita saba: kumi na moja. Mita kumi na mbili: kumi na moja na zaidi. Shemeji aliinama, akaweka kiganja juu ya mchanga, kama mtu anayepima homa.

"Na tulilala tu," alisema taratibu.

Sehemu nane zilipita. Ya tisa, ukingoni, iligoma kwenye tisa na robo katika mita kumi. Msimamizi alimtazama shemeji yake.

"Hiyo nayo utaiandika?"

"Nimeshaiandika."

Mhandisi alisoma karatasi zote, akarudi kukisoma kipimo cha mita kumi na mbili. Akaagiza bomba lirudie alama tatu zinazoizunguka sehemu ya tisa, zilizobaki ziachwe.

"Na utapima wewe," alisema. "Lini?"

"Bomba likimaliza, uhesabu wiki mbili."