Shangazi Driwaru na Awamu za Afande Sule

Simu ilipigwa nikiwa napiga deki ofisi moja kule Arua Hill. Alikuwa Stella Kiden, fundi aliyeshona na Shangazi Driwaru pale Koboko miaka tisa.

"Weka ndoo chini," alisema.

"Nimeweka."

"Sasa kaa. Nitakwambia kwa awamu. Ya kwanza, Shangazi aliamka vibaya, presha. Ya pili, tulimpeleka hospitali na alifika akiwa anaongea."

"Na ya tatu?"

Stella akaanza kulia. Hapo nikajua Mungu amemchukua. Nililia, kisha nikacheka kidogo katikati ya kulia, kwa sababu hata habari ya kifo chake ilinifikia jinsi yeye mwenyewe alivyotufundisha kufanya kazi.

Hilo neno awamu lina hadithi yake. Naiandika ili watoto wetu wajue shangazi yao alikuwa mtu wa namna gani.

Shangazi alikuwa na cherehani tatu kwenye kibanda karibu na soko la Koboko. Moja ilikuwa yake, nyingine ya Stella, nyingine ya Ritah. Mafundi wengi hujulikana kwa neno "kesho". Nguo ya ubatizo inakuwa tayari mtoto ameshaanza shule. Shangazi aliliogopa neno hilo kama dhambi. Alisema Bwana Yesu atakaporudi hatamkuta na ahadi ya uongo iliyoning'inia kwenye hanga. Jina lake lilikuwa ndiyo mali yake, hakuwa na nyingine.

Jumanne moja, nikiwa likizo kwake, aliingia Afande Sule. Alikuwa sajenti mstaafu, na sasa mwenyekiti wa sherehe ya shule moja ya msingi huko Dranya. Hakuketi. Alisimama katikati ya kibanda kama anakagua gwaride.

"Mama Driwaru! Nataka yunifomu mia moja themanini. Shati na kaptula, shati na sketi. Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Ijumaa nguo zote iko hapa!"

Ritah alidondosha mkasi. Stella alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia.

Shangazi alivuta kiti. "Karibu ukae, Afande. Hongera kwa sherehe. Unataka wageni wakiingia, waone shule imesimama vizuri. Nimekuelewa sawasawa?"

"Hiyo ndiyo!"

"Basi acha nikuonyeshe kazi yenyewe." Akachukua chaki na kuandika juu ya kitambaa cheusi cha kukatia. "Tuko mafundi watatu. Kila mmoja akishona vizuri anamaliza seti nne kwa siku. Hiyo ni kumi na mbili. Kitambaa cha rangi yenu kiko Arua, nitakifuata Alhamisi. Tunashona Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumapili ni ya Mungu. Hizo ni siku tano, seti sitini."

"Sitini!" Afande alipiga meza. "Tahiru kule ng'ambo ya barabara amesema yeye iko tayari na zote!"

Nilimtazama Shangazi. Kazi ya mia moja themanini ingewalisha Stella na Ritah miezi. Neno moja tu lilitakiwa, "ndiyo", kisha visingizio baadaye kama kila mtu.

"Tahiru ni fundi mzuri," Shangazi akasema bila kupandisha sauti. "Muulize tu ana cherehani ngapi."

Afande akakohoa. Soko zima lilijua Tahiru ana cherehani moja, na ile hushona ikipenda.

"Mimi nikikuambia ndiyo kwa zote, Afande, Ijumaa utanikuta na mashati yasiyo na mikono. Utaaibika wewe mbele ya wageni, na mimi mbele yako. Nina njia nyingine. Wageni wataona nani kwanza?"

"Kwaya. Na watoto wa gwaride."

"Ni wangapi?"

Afande alihesabu kwa midomo. "Hamsini na nane."

"Awamu ya kwanza ni hao, pamoja na wawili wa kuwapa wageni maua. Alhamisi ya wiki ijayo wanajaribisha nguo, tunarekebisha, Ijumaa unachukua sitini zilizokamilika, na vifungo vyote. Awamu ya pili ni sitini nyingine, Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe. Ya tatu, Jumamosi inayofuata. Kwako ninahitaji kitu kimoja: vipimo vya hao sitini kesho jioni. Vikichelewa siku moja, na nguo zinachelewa siku moja. Tuandike hivyo?"

Afande alizunguka kibanda mara mbili. "Mama, wewe ungekuwa jeshini, tungeshinda vita mapema." Akaketi, akatia sahihi. Kisha akakataa katakata Ritah aende kupima. "Mimi nimepima askari kikosi kizima! Nipe futi."

Vipimo vilifika Jumatano jioni kama tulivyokubaliana, kwa mwandiko safi kabisa. Shangazi alivisifu. Tukashona siku tano, mguu unakanyaga, mdomo unaimba tenzi.

Alhamisi watoto wakaletwa kujaribisha. Mtoto wa kwanza kwenye mstari, safi. Wa mwisho, safi. Katikati ilikuwa balaa. Kijana mmoja mnene, Amandu, alifunga kifungo cha shati, kikaruka na kumpiga Afande shavuni. Binti mwembamba alisimama ndani ya sketi yake kama mwiko ndani ya sufuria.

"Afande," Shangazi akauliza polepole, "uliwapimaje?"

Afande alisimama wima. "Nilipanga mstari kwa urefu. Nikapima wa kwanza, nikapima wa mwisho. Waliobaki nikagawanya katikati."

Stella alitoka nje, akacheka huko. Shangazi hakucheka. Alishika futi, akapima watoto upya, akawabadilishia nguo wao kwa wao. Amandu akapata shati la mrefu, binti akapata sketi ya mdogo. Zilizobaki kurekebishwa zilikuwa kumi na moja tu. Ijumaa mchana zote sitini zilikuwa zimekunjwa.

"Fikiria kama ningeshona zote mia moja themanini kwa hesabu yako," akamwambia Afande kwa upole. Afande alishika shavu lake, akasema hapana kufikiria.

Siku ya sherehe gwaride lilipita liking'aa. Watoto wa nguo kuukuu walikaa nyuma wakipiga makofi. Mgeni mmoja aliuliza mbona wengine hawana. Afande akajibu kwa sauti ya kambi: "Hii ni awamu ya kwanza! Mpango wangu!" Shangazi alimwacha nao. Awamu mbili zilizobaki zilifika Jumamosi zake.

Ndiyo sababu, nilipofika Koboko baada ya ile simu ya Stella, nilimkuta Afande Sule ameshakuwa mwenyekiti wa mazishi, anatoa amri.

"Kuzika leo saa kumi! Na kaburi lijengwe kwa saruji leo leo, watu waone heshima!"

Kaburi lilikuwa limechimbwa mpaka magotini tu, na ndugu wa Arua walikuwa bado njiani. Nilijifuta macho.

"Afande, unataka Shangazi asindikizwe kwa heshima. Nimekuelewa sawasawa?"

Akageuka taratibu.

"Kesho saa nane tunazika, kaburi likiwa limechimbwa vizuri na ndugu wote wamefika. Saruji tunaweka mvua zikiisha. Siku hiyo ya saruji ndiyo tunamfanyia ibada ya kumbukumbu."

Machozi yakamshuka kwenye lile shavu la kifungo. "Sawa. Tuandike hivyo."

Kesho yake saa nane tulimzika kijijini kwao, Lurujo, kando ya mama yake. Katekista alisoma, tukaimba. Stella aliweka futi ya Shangazi ndani ya jeneza kabla halijafungwa. Wanaume wanne wakalishusha kwa kamba. Nilitupa udongo, Ritah akatupa, Afande akapiga saluti. Wakafukia, tukaweka msalaba wa mbao, tukaenda kula maharage.