Mtoto Mnene wa Kliniki ya Mkoba

Zoezi la kupima lishe ya watoto lilinipa alama za juu kuliko darasa zima, na mpaka leo alama zile naona aibu kuzitaja. Chuo kilitutawanya wanafunzi wa uuguzi, kila mmoja na kituo chake, kila mmoja na mwongozo wake wa kurasa chache zilizotolewa kopi mpaka maandishi yakafifia. Mimi nilipangiwa zahanati moja huko juu uwandani, mbali kidogo na Sumbawanga mjini. Mwezi wa saba upepo wa kule unaingia mpaka kwenye mifupa, na watu wanaota moto jua likiwa limewaka.

Mwongozo wenyewe ulikuwa sahihi, siusingizii. Mtoto wa miezi sita mpaka kabla hajatimiza miaka mitano unamvua nguo, unaukunja mkono wake wa kushoto kwenye kiwiko, unatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, unatia alama. Kisha unaunyoosha mkono ulegee, unazungusha utepe hapo kwenye alama, usikaze wala usilegeze. Chini ya sentimita kumi na moja na nusu ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo mpaka kabla ya kumi na mbili na nusu ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kwenda juu ni kijani. Halafu uzito kwa urefu: aliye chini ya miaka miwili unamlaza kwenye ubao, mkubwa anasimama, na jedwali linakuambia mtoto wa urefu huo anatakiwa awe na uzito gani. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja ambao wenzangu wengi hawakuufikia. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Ukitoa kidole na shimo likabaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali, mkono na mizani viseme vinavyotaka. Maji nayo yana uzito, jamani.

Sasa njoo uone mambo ya kituoni. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa mama mmoja mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, akina mama wanampenda kupita kiasi. Hata mimi nilimpenda, wiki ya kwanza. Yeye alikuwa na sheria yake: mtoto havuliwi nguo wakati wa baridi.

"Hapa ni Ufipa, mwanangu, siyo Dar es Salaam," aliniambia nilipomwonyesha mwongozo. "Mvue sweta leo, kesho unamtibu nimonia. Hayo makaratasi yenu yameandikwa na watu wa joto."

Akina mama wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Basi utepe ulizungushwa juu ya mkono wa sweta la sufi, na watoto walining'inizwa kwenye mizani na makofia yao, na masweta yao, na soksi nzito zilizofumwa nyumbani. Kila mtoto kijani.

Na palikuwa na desturi nyingine, hiyo ndiyo iliyoniuma. Kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini, ilifanyika kwenye ukumbi wa kigango cha kanisa, na mwisho wa shughuli muuguzi mkuu alimnyanyua juu mtoto aliyeongezeka uzito kuliko wote. Ukumbi unapiga makofi na vigelegele, mlezi anapewa mche wa sabuni. Siku hiyo alinyanyuliwa mvulana wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, mjukuu wa bibi mmoja mkulima wa ulezi. Mama yake mtoto alikuwa Kipili, kule ziwani, na mume mwingine na mimba nyingine, na mtoto alikuwa ameachishwa ziwa mapema, akaletwa kwa bibi kwenye ugali na chai ya rangi. Mashavu yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Bibi aliipokea sabuni kwa mikono miwili, huku anapiga magoti.

Lakini mtoto hakucheka wala kulia. Ameshikwa hewani na mtu mwingine, ukumbi mzima unapiga kelele, na yeye anatazama tu. Hebu niambie, huo ni unene gani?

Watu walipoanza kutawanyika nilimwita bibi pembeni. "Shikamoo bibi. Naomba nimwone mjukuu miguu."

"Marahaba, mwanangu. Mwone, mwone, mume wako huyo!"

Nilivua soksi. Ukingo wa soksi ulikuwa umeacha mfereji kwenye nyama. Nikabonyeza mguu mmoja, nikabonyeza wa pili, nikatoa vidole, na mashimo mawili yakabaki yananitazama. Nikavua sweta. Ngozi ya kwenye kiwiko ilikuwa inabanduka, na nywele chini ya kofia zilikuwa zimepauka na kuwa nyekundunyekundu. Mkono mtupu ulisoma njano. Nikampima tena uzito bila nguo, nikamlaza kwenye ubao, nikatazama jedwali: uzito kwa urefu, mzuri kabisa. Kwa mizani alikuwa mzima. Kwa utepe alikuwa wa kadiri. Kwa miguu na yale mashavu alikuwa anakufa, maana uvimbe ukishapanda mpaka usoni, huyo siyo wa kurudi nyumbani, ni wa kulazwa siku hiyohiyo.

Muuguzi mkuu alinivuta nyuma ya mlango. "Unataka kuniaibisha mbele ya akina mama? Nimetoka kumpigia makofi sasa hivi!"

"Mama, ana unyafuzi. Bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza. Simnyimi haki yake, alibonyeza, na uso ukambadilika. Akapiga simu gari la wagonjwa lije, akaandika rufaa kwa mkono wake. Halafu akaninong'oneza, "Bibi mwambie ni uchunguzi tu. Usianze kumwambia habari za makofi."

Bibi akapanda gari akiamini anapeleka mtoto mnene kwenye uchunguzi. Hapo ndipo palipoharibika, na hapakuharibiwa na mwanafunzi.

Mwisho wa wiki nilirudi mjini, chumbani kwangu Kizwite, nikapita wodini, hospitali alikolazwa mtoto. Matibabu yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, kama kitabu kinavyosema. Mtoto alikuwa anapewa maziwa ya tiba kidogokidogo kwa kikombe, mchana na usiku, kwa sababu mwili uliochoka vile ukiujaza chakula ghafla unaua. Uvimbe ulikuwa unashuka. Maji yalikuwa yanatoka kwa mkojo, na kila asubuhi mizani ilisoma chini ya jana. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Mbavu zilikuwa zinahesabika, makalio yamekunjamana, na utepe sasa ulisoma nyekundu. Kwetu sisi huko kupungua ni kupona. Kwa bibi, alikuwa anamwangalia mjukuu wake akiyeyuka.

"Mnamkausha," aliniambia. Hakunijibu hata salamu.

Nikakaa kitandani, nikamweleza kwa Kiswahili changu chepesi kuliko vyote. Kwamba ule haukuwa unene, yalikuwa maji. Kwamba maji lazima yatoke kwanza, na yakitoka uzito unashuka, halafu njaa inarudi, anapewa chakula dawa kile cha karanga, na uzito unapanda tena, safari hii wa nyama ya kweli. Bado kidogo tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo siku ile kule kigangoni, ukumbi mzima, mlikuwa mnanipigia makofi ya maji?"

"Ndiyo, bibi."

"Na sabuni mlinipa ya maji?"

Nikamfunika mtoto shuka vizuri.

"Mkubwa wako alisema mtoto mnene," akasema. "Wewe mdogo unasema siyo mnene. Nimwamini nani?"

Swali zuri, tena la haki. Nikamwambia tumpigie huyo mkubwa aseme mwenyewe. Nilitoka kibarazani, nikampigia muuguzi mkuu, nikamsihi. Mama, mwambie tulikosea. Sentensi moja tu. Mwambie tulimpima na nguo, hatukuangalia miguu, na huku kupungua ndiko kupona. Asipoisikia kwako ataondoka na mtoto.

"Mimi nipo hapa tangu hujazaliwa, binti. Mpe simu niongee naye."

Nikarudi wodini, nikampa bibi. Niliweka sauti kubwa, nikasimama pale naomba Mungu. Bibi aliuliza swali moja: "Sista, mjukuu wangu alikuwa mnene au hakuwa mnene?"

Ile sauti ya kujaza ukumbi ikasema, "Alikuwa vizuri tu, bibi. We vumilia, hao ni madaktari."

Alikuwa vizuri tu! Nilitamani niipige simu ukutani. Bibi alinirudishia kwa adabu zote, akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja khanga zake. Nilimwambia muuguzi wa zamu asimwachie, naye akaongea naye vizuri kunishinda. Kesho yake asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka na basi la kwanza, mtoto mgongoni.

Tulimtafuta. Mhudumu wa afya wa kijiji alikwenda mpaka mlangoni, akaambiwa mtoto amepelekwa kwa ndugu. Hakuwa kwa ndugu; baadaye ndipo tulijua alikuwa ndani humo anashindiliwa ugali ili anenepe arudi alivyokuwa. Moyo wa mtoto anayetoka kwenye unyafuzi hauwezi mzigo ule. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Muuguzi mkuu alisema hawezi kwenda msibani, ana kliniki. Nilikwenda peke yangu. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, kichwa kimefungwa kitambaa. Nilipiga magoti, nikampa mkono, nikasema pole. Aliupokea mkono wangu. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana.

"Niliwapelekea mtoto mnene," alisema, wenzake wote wakisikia. "Mkanirudishia mifupa."

Wanawake wakaguna. Nilifungua mdomo nieleze tena habari ya maji, nikaufunga, kwa sababu msibani siyo darasani, na kwa sababu mtu mmoja tu ndiye ambaye wangemwamini, naye alikuwa kwenye kliniki yake.

Nikasogea nikae mwisho wa mkeka. Jirani yangu alikuwa mwanamke kijana, amepakata mtoto wa kike wa mwaka hivi. Mtoto alikuwa ametulia mno, mashavu yanang'aa, na vidole vya miguu vimejaa mpaka kucha zimezama. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Yule mama akavuta khanga, akamfunika mtoto miguu, akamgeuzia ukutani.

"Huyu wangu mnene, sista," alisema. "Usimguse."