Salamu Nilizozifuta

Shemeji yangu wa Kyuso, mkulima wa ndengu, aliniomba nimsahihishie barua pepe ya Kiingereza kwa mnunuzi wa Nairobi. Mimi, mwalimu mstaafu, nilifyeka salamu zote: mvua, pole ya baridi ya Nairobi, hata habari za mbuzi wake. Nikamsomea kwa maringo.

Akauliza, "Mwalimu, kwani huyu mtu tumekosana naye?"

Nikarudisha maneno yake yote, nikanyoosha tu pale mnunuzi angedhani ndengu zimeshauzwa.

Kesho yake jibu likaja: anataka ndengu, na je, mbuzi wanaendeleaje?

Mwanangu aliye ng'ambo mimi humwandikia Kiingereza safi, kisicho na doa. Hunijibu kwa neno moja la kiofisi: "Noted."