Gego la Bi Mizani

Bi Mizani alikuwa mkaguzi wa mizani, na jina hilo alipewa na wauza nyama, wala si kwa mapenzi. Alikuwa akiingia buchani na kisanduku cha mawe ya shaba, anayapanga moja moja juu ya sahani, kisha anainama mpaka pua inakaribia kugusa mshale. Kwa miaka ishirini alikuwa amekuta sumaku chini ya sahani, gundi kwenye springi, na vipande vya madini ya risasi vilivyobandikwa mahali ambapo mtu mwenye haya asingepafikiria. Basi akawa hamwamini mtu. Mumewe, mwalimu wa hesabu, akichelewa dakika kumi aliulizwa kila dakika ilikwenda wapi. Na kulikuwa na kanuni aliyojivunia kuliko cheo chake: anayejieleza kabla hajaulizwa ana jambo analificha.

Habari yenyewe ni ya jino lake moja, gego la chini upande wa kulia. Jino hilo liliweka taya lake hatarini, na likamtia kijana wa watu matatani.

Alipokuwa na miaka arobaini na saba alikutwa na saratani nyuma ya ulimi, kulia. Madaktari wakasema itatibiwa kwa mionzi, siku tano kwa wiki, wiki saba mfululizo. Ila kabla ya mionzi, wakamwandikia aende kwanza kwa daktari wa meno wa hospitali hiyohiyo. Hapo masikio yakamsimama.

"Naumwa koo, natumwa kwa watu wa meno?" alimwambia mumewe. "Kuna mtu anakula na mtu hapo."

"Nenda tu, mke wangu. Watakuwa na sababu yao."

"Sababu yao ndiyo ninayoitafuta."

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene. Alimpiga picha ya taya zima, akagonga meno moja moja kwa kijiti cha chuma, akachomeka kipimo chembamba kati ya ufizi na jino huku akimtajia muuguzi tarakimu. Bi Mizani alizihesabu tarakimu zile kichwani, asije akaongezewa. Mwishoni mama yule akaiweka picha kwenye taa.

"Haya magego matatu ya chini kulia yatoke," alisema. "Mawili yameoza hadi kwenye mzizi. Hili la tatu linaonekana zima, lakini mfupa unaolishikilia umekwisha nusu. Mionzi itapita hapahapa. Tukiyatoa leo, tunaupa mfupa wiki mbili upone, ndipo mionzi ianze. Baada ya mionzi mfupa huu hautapona kama zamani, kwa hiyo kama jino lina hatari ya kung'olewa siku za mbele, ling'oke sasa."

Alikuwa hajaulizwa kitu, na amejieleza mno! Bi Mizani akamtazama kwa jicho la pembe.

"Hilo la tatu haliniumi."

"Najua, dada. Haliumi bado."

"Basi ng'oa mawili. Langu zima niachie."

Daktari alirudia maelezo mara mbili, bila kukasirika, na kutokasirika kule nako kukazidisha shaka. Mwishowe akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameshauriwa na amekataa, akampa kalamu atie saini. Bi Mizani alisoma kila mstari, akasaini, akatoka amebaki na gego lake akijiona kawazidi akili.

Mionzi ilimtesa. Kila siku alifungwa usoni kinyago cha plastiki chenye matundu, akalazwa juu ya meza asitikisike. Kinywa kikageuka kidonda, ladha ikapotea, mate yakakauka na hayakurudi yote. Lakini saratani iliondoka. Alipewa jeli ya kulinda meno ya kupaka kila usiku, kwa sababu meno yasiyo na mate huoza upesi, akaambiwa aende kukaguliwa meno kila baada ya miezi sita maisha yake yote. Alikwenda miaka miwili. Kisha akajiuliza inakuwaje mtu aliyepona aendelee kuitwa hospitali, akaona ni njia ya kumfanya mteja wa kudumu, akaacha. Jeli nayo ikaisha, hakununua nyingine.

Mwaka wa saba gego likaanza kucheza, kisha likauma kwelikweli. Usiku alilalia shavu la kushoto, mchana alitafuna kama kuku mgonjwa. Mumewe alimwambia arudi kwa yule mama wa hospitali.

"Ili anicheke? Aniambie alinikataza?"

"Mke wangu, miaka saba anakukumbuka wewe?"

"Wanaandika wale. Mimi nilisaini."

Akaenda zahanati ya meno iliyokuwa nyuma ya soko, chumba kimoja safi chenye kiti kimoja na dirisha la vioo. Daktari pale alikuwa kijana, mtoto wa watu mwenye adabu, koti lake limepigwa pasi. Alichukua karatasi akauliza: kisukari? Presha? Dawa yoyote inayokudhuru? Kote Bi Mizani alijibu hapana, na ilikuwa kweli.

"Umewahi kuwa na saratani, mama, au kupigwa mionzi kichwani au shingoni?"

Hapo alisita. Alijua akisema ndiyo, ataandikiwa barua, atarudishwa kulekule kwa mama wa miwani, jino litaendelea kumuuma mwezi mzima. Tena alikuwa amepona. Miaka saba! Mionzi gani inakaa mwilini miaka saba?

"Hapana," alisema, kwa macho makavu kabisa.

Kijana akamchoma ganzi, akashika koleo, na gego lililokuwa likicheza likatoka bila shida. Bi Mizani alirudi nyumbani akipiga miluzi.

Shimo halikuziba. Wiki ya tatu ulimi ukagusa kitu kigumu chenye makali, kama ganda la yai. Wiki ya sita mdomo ukaanza kunuka na maumivu yakapanda hadi sikioni. Moyoni aliogopa kwamba saratani imerudi, ila hofu hiyo hakuitamka hata kwa mumewe, akaifunika kwa shaka aliyoizoea: kijana amevunja mzizi akauacha ndani. Alirudi zahanati akifoka mpaka wateja wakasimama. Kijana alipiga picha, akamwonyesha kwamba hakuna kipande cha jino kilichobaki, akasema kinachoonekana pale ni mfupa na haelewi kwa nini haufunikwi na nyama.

"Mama, niambie tena. Huna historia yoyote ya ugonjwa?"

"Unanihoji mimi? Wewe ndiye utakayehojiwa."

Siku ileile aliandika barua kwa baraza la madaktari wa meno. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na barua za mashtaka alizijua. Wiki mbili baadaye kijana alizuiwa kung'oa jino la mtu yeyote mpaka shauri lisikilizwe.

Kilichobaki kilikuwa ushahidi wa mtaalamu, na hapo ndipo alipomeza kiburi akaenda hospitali kuu, si kutibiwa, la, kupata maandishi ya kummaliza kijana. Mama wa miwani alikuwepo bado, kichwa kimeingia mvi. Alimtazama mdomoni kwa muda mrefu, akachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, akatoa faili la zamani na kuweka picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya.

"Jino nani kalitoa?"

"Kijana wa zahanati. Ameacha mzizi."

"Hajaacha kitu. Mfupa wako umekufa hapa, dada. Mionzi iliua saratani, na humohumo ikaharibu mishipa midogo ya damu inayolisha taya. Mfupa ukabaki hai kwa chakula kidogo. Usipoguswa, unaweza kujikokota miaka mingi. Ukiujeruhi, unatakiwa kupona, na hauna damu ya kuponea. Taya la chini ndilo huumia zaidi, damu yake ni haba tangu mwanzo."

"Baada ya miaka saba?"

"Hata ishirini. Mishipa ile haioti upya, inazidi kufa kidogo kidogo."

Bi Mizani aliona njama. Madaktari wanalindana, nani asiyejua? Akatafuta mahali pa kumnasa.

"Na yale mawili uliyong'oa wewe? Mbona yamepona, na ni taya hilohilo, mionzi ileile?"

"Yalipona kabla ya mionzi. Ndiyo maana tulisubiri wiki mbili."

Bi Mizani alipeleka ulimi nyuma: ufizi laini, mzima, mahali pa gego la kwanza na la pili. Akauleta mbele kidogo: mfupa mtupu. Mdomo mmoja, upande mmoja, mionzi ileile, tofauti ikiwa ni siku ya kung'oa tu. Maisha yake yote alikuwa amewafunga watu midomo kwa kipimo kama hicho, na sasa hakuwa na pa kupenya.

"Siwezi kukuapia kwamba jino lile lingebaki salama," mama yule aliongeza. "Lilikuwa limeshalegea, labda mfupa ungekufa hata kama lisingeng'olewa. Lakini kama lingelazimika kutoka, tungekaa na daktari wa mionzi tukaangalia kipimo cha mionzi kilichopita hapo, tukapanga. Huyo kijana hakukuuliza habari za mionzi?"

"Hakuniuliza," alisema Bi Mizani, na daktari akayaandika hayo kwenye ripoti ya kupeleka kwa baraza.

Majibu ya kipimo yalitoka wiki iliyofuata: hakuna saratani. Akaandikiwa dawa ya kusukutua, ya usaha, na vidonge vya kusaidia damu ipite, akaambiwa vipande vilivyokufa vitatolewa vikijitenga, na kama taya litavunjika, watalikata na kuliunga kwa mfupa wa mguuni. Mumewe alishukuru mpaka machozi. Yeye hakulala, na si kwa ajili ya taya.

Siku ya shauri kijana alikuja na koti lake la kazi mkononi, hajui alivae au asilivae. Alikuwa amekonda. Mwenyekiti wa baraza alishika fomu ya zahanati.

"Hapa pameandikwa kwamba mgonjwa hakuwahi kupigwa mionzi. Mlalamikaji anasema hakuulizwa. Daktari, uliuliza, au ulijijazia tu?"

"Niliuliza," kijana alisema. Hakuna aliyekuwa chumbani siku ile ila wao wawili, na kila mtu pale alilijua hilo.

Bi Mizani alisimama. Aibu ilimwaka usoni, na taya likampiga alipofungua mdomo.

"Aliuliza," alisema. "Neno kwa neno. Nikamwambia hapana, na nilijua nadanganya. Na juzi nikadanganya tena kwamba hakuniuliza. Mwacheni afanye kazi."

Mwenyekiti aliweka fomu chini. Kijana aligeuka akamtazama, na Bi Mizani akangoja hasira, maana hasira angeijua pa kuiweka. Haikuja.

"Mama," kijana alimwuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "ungeniambia ndiyo, ulidhani ningekufanyia nini?"

"Ungeniandikia barua nirudi hospitali," alisema Bi Mizani. "Hilo tu."