Barua ya Mdogo Wangu kwa Msimamizi Wake

Tarehe tisa Februari nilimpoteza mdogo wangu, aliyekuwa akisomea historia chuoni hapa Minneapolis. Mimi niliishia darasa la nane na ninatunza wazee kule Fridley, lakini barua yake ya kuomba mada ya tasnifu niliielewa.

Alitaka kulinganisha mavuguvugu mawili ya zama za kati yaliyohubiri ufukara: Wafransisko, waliokubaliwa na Papa, na Wawaldo, walioitwa wazushi. Aliandika kwamba Wafransisko wametuachia maandishi yao wenyewe, ila Wawaldo tunawajua zaidi kupitia kumbukumbu za waliowahukumu. Kabla ya kuwalinganisha, alisema, tuulize kwanza nani alishika kalamu.

Msimamizi aliirudisha na mstari mmoja chini yake: "Sioni swali hapa. Tafuta mada inayokufaa." Mdogo wangu hakula siku mbili.

Kwenye ibada ya kumbukumbu chuoni, msimamizi huyo alisimama akasema, "Wazo lake nililipenda tangu siku ya kwanza, nikamtia moyo." Kisha akanikaribisha niseme neno.

Barua ilikuwa mkobani mwangu. Nilitaka aumie, sitaficha. Nikaisoma yote taratibu, mpaka mstari wake na sahihi yake.

"Hayo yalikuwa ya ofisini," akaninong'oneza nilipokuwa nikirudi kitini.

"Profesa, nimesoma tu kilichoandikwa, na aliyekiandika."

Alichukua koti lake, akatoka kabla ya chai.