Ujumbe Niliousoma Nusu

Mibuni ya mama ilikuwa nyuma ya nyumba yetu kule Iyula, ikishuka mpaka karibu na kijito. Aliipanda mwenyewe kabla sijazaliwa, na miche alikuwa akiibeba kichwani kutoka kitaluni. Alipofariki, kaka yangu alianza kusema kahawa inatupotezea muda, ing'olewe shamba lote liwe la mahindi. Baba alimsikiliza misimu miwili. Wa tatu akamwomba kitu kimoja tu: wasubiri mavuno ya mwaka huo. Kahawa ikitoka safi, mibuni ibaki. Ikiharibika, hatabishana tena.

Kaka alikubali kwa sababu alijua mashine ya baba ni mbovu. Ni ile ya kumenyea kahawa mbivu, ya kuzungusha kwa mkono. Ndani yake kuna ngoma iliyovalishwa bati la shaba lenye vipele, na vipele hivyo ndivyo vinavyolivua tunda ganda lake. Bati letu lilikuwa limekwisha kabisa. Likipitisha kahawa, nusu ilitoka na maganda yake na nusu ilitoka imekatwakatwa. Mafundi wa Vwawa walilipima, wakasema saizi hiyo hawana.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Mimi nafanya kazi Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, nashinda na kompyuta na simu, na nyumbani wananiona ndiye msomi. Nikaingia mtandaoni, nikapata duka la Dar es Salaam linalouza vipuri vya mashine za kilimo. Bati la saizi yetu lilikuwepo, na picha yake juu. Nikaagiza, nikalipa kwa simu. Dakika ileile ukaingia ujumbe.

Nilikuwa nimekwenda Iyula Jumamosi ile, nimekaa na baba kibarazani. Nikamsomea kwa sauti: "Asante. Oda yako imethibitishwa."

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Ulisema watanitumia ujumbe wa pili mzigo utakapotumwa. Niliuona. Sikuusoma. Niliona ni maneno ya kujazia tu, kama yale ya karibu tena.

Na baba alielewa kama anavyoelewa mtu yeyote kwetu. Yeye akinunua kitu Mbeya, mwenye duka hukipeleka kwenye basi, na wale wa basi hawaandiki stakabadhi mpaka kifurushi kiwe mikononi mwao. Kwa baba, ukishaambiwa imethibitishwa, kitu kiko njiani na kesho unakwenda kukichukua stendi. Akaniuliza kama kinafikia Mlowo au Vwawa. Nikamwambia watanipigia. Akacheka kwa raha, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Kesho yake, baada ya ibada, akaenda kwa jirani. Jirani huyo ana mashine nzima, na kila msimu huwagawia watu zamu, kila mmoja na siku zake, maana kahawa ikichumwa leo inatakiwa kumenywa leoleo. Baba alikuwa amepewa Jumanne na Ijumaa. Akazirudisha zote mbili, akasema wapewe wenye shida, yeye chake kinakuja. Aliniambia hayo kwa simu kwa fahari, nami nikamsifu. Jamani, nikamsifu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu mwenyewe ilikuwa inanifundisha kila siku. Dereva wa lori anakuja dirishani amefura, ananiambia nyaraka zake zimepokelewa tangu juzi, mbona hafunguliwi geti? Nami namjibu bila hata kuinua macho kwamba zimepokelewa maana yake wameziona, asubiri karatasi ya kuachiwa gari, hiyo ndiyo itakayomvusha. Naisema mara kumi kwa siku. Ya kwangu haikuniingia akilini.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kahawa ikaanza kuiva, na ikiiva haikungoji. Nikapiga simu dukani. Dada mmoja mpole sana akaniambia oda yangu ipo, iko kwenye mchakato. Nikamuuliza bati lenyewe liko wapi. Hapo akaniambia ukweli, nami namshukuru kwa hilo: halikuwepo ghalani, walikuwa wanasubiri mzigo kutoka nje. Nikamuuliza sasa walithibitisha nini.

"Tulithibitisha kwamba tumepokea oda na malipo yako," akasema. "Likishatoka hapa kwetu utapata ujumbe wa kutumwa, wenye namba ya kufuatilia mzigo. Kama hujaupata huo, dada, ujue bado halijatoka."

Nilitaka kumtukana, lakini nimtukanie nini? Ilikuwa imeandikwa.

Nikampigia baba. Hakugomba, na ingekuwa nafuu angegomba. Nilimwambia nighairi oda turudishiwe hela, akakataa, akasema huenda likafika katikati ya wiki. Akarudi kwa jirani kuomba zamu zake. Wapi! Kahawa ya kijiji kizima ilikuwa imeiva kwa mpigo, na siku zake zilishapewa watu wengine kwa mkono wake mwenyewe. Jirani alimwahidi kumpenyeza ikipatikana nafasi. Haikupatikana.

Nilipofika Jumamosi iliyofuata nilikuta viroba vinne vimeegemezwa ukutani. Kahawa iliyochumwa Jumanne ilikuwa imepata joto, ukiingiza mkono unahisi, na ilinuka kama pombe ya komoni iliyolala. Baba alikuwa ameinama kwenye ile mashine mbovu, anazungusha, kahawa inatoka vipandevipande. Nikamshika mkono aache, akaendelea kuzungusha. Nyingine tulizianika hivyohivyo na maganda yake, lakini ukungu wa Mbozi msimu ule haukutuhurumia, zikaota kuvu mkekani. Wanunuzi walizitazama, wakanusa, wakaondoka. Nililia mbele yao bila aibu.

Kaka hakutucheka. Alikuja na shoka na majembe, akamwamkia baba, akasimama akingoja. Baba akasema, "Tulikubaliana." Wakaanzia upande wa kijito. Ilichukua siku tatu.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nawapelekea maji simu ikalia kidogo mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa dukani. Nilisimama katikati ya mashimo na mizizi iliyopinduliwa, nikatamani niitupe simu kijitoni. Baba akanyoosha mgongo, akauliza ni nani. Nikamwambia ni wale wa bati.

"Soma," akasema. "Leo usome mpaka mwisho."

Nikasoma neno kwa neno. Mzigo wako umetumwa. Umekabidhiwa kwa msafirishaji, na namba ya kuufuatilia ni hii. Nikaitaja namba yote. Unatarajiwa kufika Alhamisi, ila siku inaweza kubadilika kutokana na usafiri. Nikamsomea na hilo la kubadilika.

"Kwa hiyo huu ndio wa kweli," akasema.

Nikamwambia ule wa kwanza nao ulikuwa wa kweli, baba, ila ulisema wamenisikia tu. Huu ndio unaosema mzigo umetoka.

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeeleweshwa vizuri. Ulikuwa umebaki mbuni mmoja, ule wa karibu na jiko, ambao mama alikuwa akianika kanga zake juu yake. Kaka alikuwa ameshusha shoka, anamwangalia. Baba akanywa maji, akanirudishia kikombe, akamwambia aendelee.