Koti la Baba na Harufu ya Belo

Mama yangu huuza makoti ya mtumba, na jambo hilo sijawahi kulisema kwa sauti ya chini. Makoti hayo yalinilipia karo, yakalipa kodi ya nyumba yetu ya ghorofani hapa Eastlands, na kila Julai baridi ikianza kuuma unaweza kusimama kwenye roshani yetu ukaona nusu ya mtaa umevaa kazi ya mama. Mtu mmoja tu ndiye hakuwahi kuvaa kitu kilichotoka kwenye belo lake, lile robota la mitumba, naye alikuwa mumewe.

Baba alistaafu kutoka karakana ya reli. Nguo zake zote zilishonwa na fundi mmoja ambaye walizeeka pamoja. "Mtumba una harufu," alikuwa akisema, tena mezani, akikata tonge la ugali ulionunuliwa na hayo hayo makoti. Mimi nilikuwa nikipandwa na hasira. Mama alikuwa akimwongezea mboga.

Harufu yenyewe ipo, sikatai. Belo likikatwa kamba zake za plastiki, kitu cha kwanza kutoka si nguo, ni ile hewa nzito ya vumbi na dawa na uvundo wa kabati lisilofunguliwa. Wengine husema ni dawa ya wadudu, mama husema ni nguo kubanwa miezi mingi bila kupumua. Ukivaa kabla ya kuitoa, anayeketi nyuma yako kanisani anajua Jumamosi ulikuwa wapi.

Harusi yangu ilipokaribia, fundi wa baba alikuwa ameacha kushona kwa sababu ya macho. Mama alifungua belo jipya sokoni, na wateja wake wa kamera, yaani wale wanaochagua vipande bora kabla ya watu wote, walikuwa wamemzunguka tayari. Kabla hawajanyoosha mikono alichomoa koti moja la sufu, rangi ya kijivu iliyokolea, bitana yake ikiteleza mkononi.

"Hii ishapata mwenyewe," akawaambia.

Nyumbani baba alilipokea kwa heshima. Akakagua mishono, akapima kitambaa kwa vidole. Kisha akalinusa, akaliweka kwenye kiti polepole.

"Mama watoto, kitambaa ni kizuri. Lakini sitampeleka mtoto wangu madhabahuni nikinuka belo."

"Na ikiacha kunuka?"

"Ikiacha nitavaa. Lakini haitaacha."

Mama alinifuata jikoni. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa nguvu namna ile. "Nataka siku moja tu," akaniambia, "atembee mbele ya watu na kazi ya mkono wangu."

Shati la mtumba halina makuu. Unaliloweka kwenye maji yenye siki kidogo, unalifua kwa sabuni, unalianika juani limegeuzwa ndani nje, na likibaki na kaharufu unarudia. Koti la sufu ni jambo lingine. Ukilitia kwenye beseni la maji moto linasinyaa, mabega yanapinda, na umepoteza koti na mume. Mama aligeuza mifuko yote nje akaipiga brashi. Akachovya kitambaa cha kupangusia kwenye maji na siki, akakikamua, akajaribu kwanza kwenye pindo la ndani aone kama rangi inatoka, ndipo akapangusa bitana yote, hasa kwapani na kolani. Mchana lilikaa kwenye hanga pana juu ya paa la ghorofa, kwenye upepo na kivuli, naye alimwomba jirani yetu mfua nguo alichunge lisinyeshewe. Jioni aliliingiza kwenye sanduku pamoja na makaa mapya yaliyofungwa kwenye magazeti, maana makaa hunyonya harufu. Kila asubuhi alilinusa kabla hajanywa chai.

Wiki ya harusi ilipofika katikati, koti lilinuka sufu tu. Niliweka pua kila mahali nikakosa kosa. Mama alilitundika sebuleni, akaenda sokoni akiimba.

Siku hiyo ndipo shangazi yangu, dada ya baba, alipofika kutoka kwetu magharibi mwa nchi. Shangazi hajui kukaa bure. Aliona koti lina mikunjo, akatandika blanketi mezani, akalilaza juu yake, akaweka kitambaa chenye unyevu juu ya mabega, akakandamiza pasi ya moto. Mvuke ulipanda, na belo zima likarudi sebuleni. Baba alikuwa kwenye kochi akisoma gazeti. Alilikunja.

"Nilisema," akasema.

Shangazi kwa hofu alinyakua pafyumu yangu akalimiminia koti. Sasa likanuka belo lililoalikwa harusini.

Mama aliporudi, akiwa bado mlangoni, shangazi alianza kuomba msamaha. "Mke wetu, nimekuharibia."

Mama alilichukua koti, akanusa mkono mmoja, akanusa mgongo, akapanda taratibu hadi mabegani. Akasimama hapo. Halafu akacheka, na mimi nikadhani amechanganyikiwa.

"Umenisaidia, dada. Pasi imeitoa mafichoni. Iko hapa."

Akaomba wembe. Akafumua bitana penye bega, akaingiza vidole, akatoa sponji nene iliyogeuka manjano. Akaifinya chini ya pua yangu nikarudi nyuma. Upepo na siki vilikuwa vimesafisha kila kitu isipokuwa hizo sponji mbili zilizofungiwa ndani. Akaitoa na ya pili, akazitupa kwenye taka, akamgeukia baba.

"Mzee, naomba sponji za mabega ya ile suti yako kuukuu."

Ile suti ilishonwa na fundi wake, imechakaa magotini, haivaliki tena, wala baba hakutaka itupwe. Baba aliinuka, akaileta mwenyewe, na akamshikia taa ya simu wakati mama akifumua. Mabega yaliyokatwa kwa mwili wake yakahamia kwenye koti la mama. Akayashona kwa mkono, akapangusa siki tena kufukuza ile pafyumu yangu, na siku iliyofuata koti likarudi paani kwenye upepo kutwa nzima.

Mkesha wa harusi, kabla ya chakula cha jioni, mama aliita kila mtu sebuleni. Akaweka kitambaa chenye unyevu juu ya mabega, akakandamiza pasi yeye mwenyewe. Mvuke ukapanda.

"Nusa," akamwambia baba.

Baba aliinama. Alinusa bega la kulia, akanusa la kushoto, akanusa kola. Moyo wangu ulikuwa ukidunda, mimi bibi harusi, kwa sababu ya koti.

"Nasikia sufu," akasema. "Na pasi."

Shangazi alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani harusi imeanza.

Baba alinipeleka madhabahuni akiwa amelivaa, na sikuwahi kuona mabega yamemkaa vile. Kwenye karamu mmoja wa wakwe zangu alimshika mkono wa koti akamuuliza fundi wake ni nani. Nikaacha kutafuna. Nilijua jina alilozoea kulitaja.

"Fundi wangu ni huyu," baba akasema, akamwonyesha mama kwa kidole mbele ya wote. "Na liko kwenye belo lake, ukitaka lako."

Nililia, na pambo langu la uso likaharibika, na sijali.

Baada ya harusi nilipita sokoni kumsalimu mama. Nikamkuta baba ameketi kando ya belo lililotoka kukatwa kamba, amejichagulia koti la kahawia kabla ya watu wa kamera, na amelivaa papo hapo kwa sababu kulikuwa na baridi. Lilinuka kutoka mbali.

"Vua hiyo!" mama alikuwa akimfokea. "Haijaoshwa! Utaniaibisha mbele ya wateja!"

Baba akafunga vifungo vyote.